Mkebe wa Kijani na Ukuta wa Mama

Mama alikuja kwangu Nakuru akiwa na mguu wenye vyuma na begi lenye gambuti, vile viatu vyake virefu vya mpira vya zizini. Mguu aliuvunjia nyumbani kwake Olenguruone, kwa zizi lake mwenyewe, akimfukuza ndama aliyekataa kutoka. Gambuti alizibeba kwa sababu hakukusudia kukaa, na alimwambia daktari hivyo mbele yangu bila hata kupepesa. Daktari alisema miezi mitatu karibu na hospitali, asiukanyagie ule mguu, na asionekane kwa mteremko wowote. Shamba la mama lote ni mteremko. Aliitikia kwa kichwa kama mtoto wa Sunday School, halafu tulipoingia kwa gari akaniambia, "Huyo kijana anasema miezi mitatu? Wiki mbili zinanitosha."

Nilimpa chumba changu cha kulala, mimi nikahamia kwa kochi. Ubaya wa hicho chumba ni dirisha. Linatazama ukuta wa jirani, mawe na simenti, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaugusa. Kitanda nacho kinaangalia ukuta wangu mwenyewe, mweupe, mtupu. Mama alilala hapo siku nne akitazama weupe. Siku ya tano asubuhi nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, leso imefungwa kichwani, begi miguuni.

"Nitafutie gari ya kwenda nyumbani," akasema.

"Mama, na mguu?"

"Mguu utaponea huko. Hapa hakuna kitu cha kuangalia. Hata ng'ombe ukimfungia mahali hivi anakataa kutoa maziwa."

Nilipandwa na hasira, si kidogo. Mguu ule ukivunjika tena, daktari alikuwa ameniambia pembeni, mama hatatembea tena bila magongo maisha yake yote. Na mimi nikikasirika hujisifu, ndiyo tabia yangu. Nikamwambia, "Unataka kuangalia shamba? Sawa. Mimi ni fundi wa rangi. Nitakuchorea shamba lako hapo kwa ukuta, mpaka ulisikie harufu."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Alipomaliza akapangusa macho kwa leso. "Haya. Leo ni Jumatatu. Mpaka Jumamosi. Nikiangalia huo ukuta nikajua ni kwangu, nitakaa hapa mpaka huyo daktari wako achoke na mimi. Nisipojua, Jumamosi hiyo hiyo unanipeleka nyumbani, na sitaki maneno."

Tukapeana mkono. Mkono wa mama ni mgumu kama mpini wa jembe na alinibana makusudi.

Sasa, lazima nikiri jambo. Mimi ni fundi wa mabango. Miaka ishirini nimeandika bucha, saluni, kinyozi, gereji na kanisa moja moja. Ng'ombe wa bucha namchora nikiwa nimefunga macho. Lakini mandhari sikuwa nimewahi kuchora, isipokuwa mstari wa nyasi chini ya miguu ya huyo ng'ombe wa bucha, na nyasi hizo zilitoka kwa mkebe mmoja tu: kijani. Unafungua, unachovya, unapaka. Mwenye bucha hajawahi kulalamika, na ng'ombe pia.

Kwa hivyo Jumanne nilinunua rangi ya maji ya kijani, mkebe mkubwa, nikaingia kazini nikipiga mluzi. Mbele nikaweka nyasi, kijani. Katikati majani ya chai, kijani. Miti ya saipresi kando ya ua, kijani. Nyuma vilima, kijani. Ili visifanane, nyasi nikaongeza nyeupe, miti nikaongeza nyeusi. Hivyo ndivyo tunavyofanya kwa mabango, ukitaka herufi iwe na kivuli. Saa kumi jioni nikarudi nyuma mpaka kitandani, nikaketi kando ya mama, nikangoja anisifu.

Mama akavaa miwani, akatazama.

"Hii ni geti ya shule," akasema.

"Mama!"

"Ni geti, bati tupu la kijani. Hizi nyasi ni dawa ya meno. Hiyo miti imekufa, tena imekufa zamani. Na hapo nyuma umetundika blanketi. Hicho kilima chako kiko wapi? Naona kimenikalia kwa mapaja."

Nilitaka kubisha, lakini nilipotazama tena nikaona vile vile alivyoona. Ukuta wote ulikuwa umelala bapa. Hakukuwa na mbele wala nyuma. Ungeweza kuanika nguo hapo. Mama akavuta begi lake karibu kidogo kwa ule mguu mzima, akijua namwona, na akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Aki, nilitamani kulia.

Kuna jamaa tunayeshirikiana naye kibanda. Mimi naandika mabango upande huu, yeye upande ule anachora picha za mandhari juu ya vitambaa, anaziuza kando ya barabara kuu kule Gilgil. Nimemcheka miaka mingi. Nilikuwa nikimwona akikaa nusu saa nzima akichanganya rangi kwa kipande cha kigae, nami namwambia, "Boss, kijani kinauzwa kikiwa tayari, kwani wewe unapika?" Jumatano asubuhi nilimpigia simu, nikamwomba aje nyumbani, na nilimwomba kwa heshima.

Alifika, akasalimia, "Shikamoo mathe," akageuka kwa ukuta. Akatoka nje. Nilimkuta kwa ngazi ameshika tumbo, anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Ngoja kidogo," akasema, akaanza upya.

Aliporudi ndani, jambo la kwanza alilofanya ni kufunga mkebe wangu wa kijani na kuupiga kifuniko kwa ngumi. "Hiki kijani ni kimoja," akasema. "Huko nje hakuna kijani kimoja. Jani lina upande wa jua na upande wa kivuli. Upande wa jua huongezi nyeupe, unaongeza manjano. Ukiweka nyeupe linakuwa dawa ya meno."

"Ndivyo nimemwambia!" mama akadakia kutoka kitandani.

"Na kivuli huongezi nyeusi juu ya kijani cha mkebe, linakufa. Unaongeza bluu, na nyekundu kidogo tu, ncha ya brashi. Nyekundu inanyamazisha kijani kisipige kelele."

Mimi na miaka yangu ishirini nikakaa chini kama mwanafunzi. Tuliweka sakafuni vifuniko vya mikebe, sahani za zamani na kipande cha kadibodi. Tulikuwa na manjano kali ninayotumia kwa mabango, manjano ya udongo ile ya oksaidi ya unga, bluu ya chupa ndogo, nyeusi, nyeupe, na oksaidi nyekundu, ile watu wanapaka sakafu za simenti. Nikaanza kubeba vitu kwenda nje penye mwanga, jamaa akanishika shati. Picha itaonwa humu ndani, akasema, basi ichanganywe humu ndani, kwa mwanga huu huu wa dirisha baya. Na kila rangi nipake kidogo kwa kadibodi, ningoje ikauke kabla ya kuiamini, kwa sababu rangi ya maji ikikauka inazama, inakuwa nzito kidogo.

Halafu akafanya kitu kilichonifanya niruke. Akachukua manjano ya udongo, akatia nyeusi kidogo, akakoroga. Hakuna bluu hapo, hakuna kijani. Na kikatokea kijani! Kijani kizito cha mzeituni, kijani cha nyasi iliyokaa kwa jua la Januari. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Miaka ishirini nimekuwa na hizo rangi mbili kando kando na hazijawahi kuniambia!

Kuanzia hapo tulichanganyikiwa kabisa. Manjano kali na bluu kidogo sana: kijani kinachowaka. Hicho hicho na ncha ya nyekundu: kinatulia. Manjano ya udongo na bluu: kijani cha shambani, kimechoka kidogo. Bluu nyingi zaidi na nyekundu: karibu cheusi, lakini hai. Kila tukipata kimoja tulikipaka kwa kadibodi na kumwinulia mama, na hapo ndipo mchezo ulianza, kwa sababu mama alikuwa anakijua kila kimoja.

"Hiyo ni nyasi ya napia ikiwa changa," akasema. "Hiyo ni sukuma wiki imekosa mbolea. Hiyo ni majani ya viazi siku mbili kabla ya ugonjwa. Hiyo... hiyo ni mavi ya ndama, toa hapa!"

"Na hii, mathe?" jamaa akauliza, akiinua kile kinachowaka.

Mama akanyoosha shingo. "Hayo ni majani mawili na kichipukizi. Hayo yamefika, myachume leo, kesho yatakomaa."

Jamaa alinitazama mdomo wazi. Mama amechuma chai tangu kabla sijazaliwa. Hatazami jani kuona kama ni zuri, anatazama kijani chake, mkono unaenda wenyewe. Asubuhi anatazama nyasi na kujua kama ng'ombe akila atavimba tumbo. Nilikuwa nimeishi na mtaalamu wa kijani nyumba moja, nikaenda kununua mkebe. Tulicheka siku nzima, tukasahau chakula cha mchana, na kufikia jioni nilikuwa na kijani kwenye nyusi na vijani ishirini na sita kwenye kadibodi, kila kimoja kimeandikwa jina alilokipa mama.

Alhamisi nilianza kupaka ule ukuta nyeupe ili nifute geti yangu. Mama akanizuia.

"Unapanda wapi?"

"Kupanda nini?"

"Nyasi. Unapanda nyasi kwa nyeupe? Umeona wapi shamba halina udongo? Weka udongo kwanza."

Nilimwangalia jamaa nikitarajia tucheke pamoja. Hakucheka. Akakuna kichwa. "Weka udongo," akasema polepole. "Mathe yuko sawa. Hata sisi tunafanya hivyo kwa kitambaa, mimi nilisahau kukwambia."

Basi nikachanganya oksaidi nyekundu na nyeusi kidogo kwa rangi ya maji, nikapaka ukuta wote toka chini mpaka pale mbingu ingeanzia, udongo mwekundu wa kwetu. Chumba kikawa kama ndani ya chungu. Ulipokauka tukaanza kupanda, juu kwenda chini, na sikuziba kila mahali. Niliacha nyufa ndogo, udongo ukachungulia kati ya mistari ya chai na chini ya nyasi. Na hapo, wacha niseme ukweli, nywele zilinisimama. Kijani kilichokuwa kimelala kiliamka. Ule wekundu kidogo ulikuwa unakisukuma kutoka chini. Chai nikaiweka giza chini ya kichaka, halafu juu tu, kwa brashi kavu, kile kijani cha majani mawili na kichipukizi. Nikawa naruka kwa mguu mmoja chumbani, mama ananiambia nitavunjika na mimi tulale wawili.

Ijumaa tukakosana.

Ilikuwa vilima. Ng'ambo ya shamba la mama kuna bonde, halafu vilima vya msitu, kimoja nyuma ya kingine. Jamaa akanifundisha kwamba kadiri kitu kinavyokwenda mbali manjano inatoka na bluu inaingia, na nyeupe, na nyekundu kidogo ili kisifanane na mbingu. Na usichore miti mmoja mmoja huko, wala ukingo mkali. Kilima cha kwanza nikakifanya kijani cha kijivu. Cha pili nikakifanya bluu ya moshi.

"Hapana," mama akasema.

"Mama, ndivyo inavyokuwa."

"Msitu wa bluu umeuona wapi wewe? Mimi nimekata kuni kwa hicho kilima. Nimelala huko tukitafuta ng'ombe. Ni kijani, kijani hiki," na akanyoosha kidole kwa saipresi ya mbele, ile nzito kabisa. "Unanidanganya na shamba langu mwenyewe. Kama ni kudanganywa, heri niende nikaangalie yenyewe."

Akashika begi. Hakuwa anatania tena, na mimi nilijua, kwa sababu midomo yake ilikuwa imekazana. Jamaa akajifanya anaosha brashi. Nilikuwa nimefika mbali hivyo, na sasa mguu wa mama ulikuwa unaniponyoka kwa ajili ya kilima. Niliogopa sana.

Sikubishana. Nilimletea magongo, nikamshika kiuno, jamaa akashika upande ule mwingine, tukatoka naye polepole mpaka kwa geti ya ploti. Mvua ya usiku ilikuwa imesafisha hewa. Kutoka hapo getini, ukipitisha macho juu ya mabati ya majirani upande wa magharibi, unauona ukingo wote wa vilima vya Mau, mrefu, umelala kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Mama, pale ni wapi?"

Akatazama. "Pale ni kwetu," akasema, haraka haraka, kwa furaha. "Pale juu. Ukienda nyuma ya ule mgongo ni kwetu."

"Kuna msitu?"

"Si kuna msitu, na chai, na..."

Akakaza macho. Ukingo wote ulikuwa bluu. Haukuwa na hata jani moja la kijani. Ule ulio nyuma yake ulikuwa bluu hafifu zaidi, karibu uyeyuke kwenye mbingu.

"Nani ameweka hiyo rangi?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Ni umbali, mama."

Alisimama kwa magongo yake mpaka akachoka na tukamshikilia zaidi. "Kwa hivyo niko mbali namna hiyo," akasema. Nililia hapo hapo, mbele ya wauza maji na mikokoteni yao, na sikujali. Mama hakulia. Alipangusa pua yangu kwa leso yake kama nina miaka minne. "Rudi uweke bluu yako," akaniambia. "Lakini usiweke nyingi kwa kile cha kwanza. Hicho kiko karibu, nilikuwa nafika kwa saa moja."

Nikarudi nikaweka. Kile cha kwanza nikakirudishia kijani kidogo alivyoagiza, na alikuwa sawa, kilisogea mbele hatua moja na kingine kikaenda zake nyuma. Mwishowe, kwa kujipendekeza, nikachora ng'ombe wake mwekundu. Ng'ombe, kama nilivyosema, namjua. Mbele kabisa nikachora njia ya kutoka nyumbani, ya udongo mtupu, inaanzia pale ukuta unapogusa sakafu na kupanda katikati ya chai. Mama alikuwa amelala nilipomaliza. Nikafunika mikebe nikaenda kwa kochi, lakini usingizi ulikataa.

Jumamosi asubuhi nikafungua pazia. Jamaa alikuwa amekuja, eti kuchukua brashi zake. Mama akaketi, akavaa miwani. Akaanza kwa vilima, akashuka msituni, akapita bondeni, akaingia kwenye chai, akafuata mistari mmoja baada ya mwingine, na nikaona kidole gumba chake kinatembea juu ya blanketi, kinachuma. Dakika zikapita. Nilikuwa nimeshika mlango.

Ghafla akakunja uso. "Huyo ng'ombe!"

"Amefanya nini?"

"Ameingia kwa viazi! Huoni? Hapo ni viazi, hiyo kijani ni ya viazi, niliwaambia mimi mwenyewe. Atamaliza yote! Mtoe, haraka!"

Jamaa alianguka kwa kiti. Mimi nilichukua brashi mbio, nikiwa bado na nguo za kulala, nikafuta ng'ombe kwa udongo, nikapanda viazi juu yake, nikamchora upya upande wa nyasi, huku mama akinipigia kelele, "Hapo! Hapana, chini kidogo, hapo kuna ua! Sasa mfunge!" Nikamchorea kamba. Tulikuwa tunacheka wote watatu mpaka hakuna aliyeweza kupumua vizuri.

Mama alipotulia akasema, "Lete begi."

Kicheko kikanikauka. Nilimsogezea. Alifungua zipu taratibu, akaingiza mkono mpaka chini, akatoa gambuti zake, bado zina matope makavu ya zizi kwenye soli. Akanipa.

"Ziweke pale chini," akasema, akionyesha kwa kidevu mahali njia inapoanzia. "Zingoje mguu."

Niliziweka pamoja, ncha zikiangalia ukutani. Zilikaa hapo miezi mitatu na wiki moja.